Mtoto anaposimulia hadithi: sikiliza nini, weka tiki wapi

Walimu wengi wa awali hupima usimulizi kwa sikio tu. Mtoto akisema kwa sauti bila kukwama, "anajua". Akisimama kimya anachezea kola ya sare, "hajui". Orodha hakiki ya vipengele sita inatosha kuondoa ubahatishaji huo: wahusika, mahali, tatizo, juhudi za kulitatua, mwisho na mpangilio wa matukio. Alichokitaja mwenyewe kikamilifu mpe 2. Alichokitaja nusu, au baada ya kuulizwa, mpe 1. Kisipopatikana kabisa andika 0. Jumla ni 12.

Tuchukue hadithi fupi. Kobe aliishi kando ya mto Malagarasi. Siku moja njaa ilimbana, na maembe yalikuwa ng'ambo. Alijaribu kuvuka, maji yakamrudisha ukingoni. Akamwomba kiboko ambebe. Kiboko akakubali kwa sharti la kugawana maembe. Wakavuka, kobe akala na kumpa mwenzake nusu.

Sasa msikie mtoto wa miaka sita, mfano wa wale tunaokutana nao katika madarasa ya awali ya Kasulu au Buhigwe: "Kulikuwa na kobe. Akaenda mtoni. Akaingia, akarudishwa na maji. Halafu akamwambia nibebe. Akambeba. Akakula embe. Basi."

Mahali amepataja, 2. Juhudi zote mbili zipo, 2. Mpangilio hauna kasoro, 2. Lakini ni nani aliyembeba kobe? Kwa Kiswahili "akambeba" inamtosha kobe, kiboko na hata binadamu, kwa hiyo mtoto anaweza kufika mwisho bila kumtaja mhusika wa pili, na sisi tuliosoma hadithi tusigundue. Muulize, "Nani alimbeba?" Akijibu "kiboko", wahusika wanapata 1. Tatizo nalo hakulisema. "Kwa nini kobe aliingia mtoni?" "Alitaka maembe." Hapo pia 1. Mwisho ameueleza nusu, mgao haupo, na ukimwuliza "mwishoni ikawaje?" anakaa kimya: 1. Jumla 9.

Ile "akakula" isikusumbue. Wala usimpunguzie alama kwa "halafu" nyingi. Umri huo ndivyo wanavyounganisha matukio. Unapima kama hadithi imeshikika kichwani, sarufi ina siku yake.

Kuuliza ndiko kunakoharibu vipimo vingi. Anza na maswali yasiyobeba jibu: "Halafu?", "Ikawaje?" Hayo hayamnyimi mtoto alama. Akimaliza, ndipo uulize kuhusu kilichokosekana. "Kiboko alitaka maembe, siyo?" si swali, ni jibu lenye alama ya kuuliza; mtoto ataitikia "ndiyo" kwa adabu nawe utaandika alama isiyo yake.

Kuna jambo jingine ambalo orodha haikuonyeshi. Mtoto anajua kwamba mwalimu ameisikia hadithi, maana ndiye aliyeisoma. Ya nini amtajie kiboko? Kwa hiyo, kabla ya kusoma, mtoe mtoto mmoja nje na msaidizi, kisha arudi awe ndiye anayesimuliwa. Mbele ya mwenzake asiyejua kitu, mtoto hulazimika kutaja nani na kwa nini, na mwenzake akikwama huuliza mwenyewe: "Nani kambeba?" Njia hii pia inamsaidia mtoto aliyelelewa kutosema sana mbele ya wakubwa. Wewe kaa pembeni na karatasi yako, au rekodi kwa simu uweke tiki baadaye, kwani kuandika huku mtoto anakutazama humkatisha.

Kisha lugha. Kigoma watoto wengi huingia awali wakiwa na Kiha cha nyumbani, na Kiswahili bado wanakijenga. Ule ukimya kwenye mgao wa maembe una maana mbili zinazowezekana: hakuelewa, au alielewa akakosa maneno. Siku nyingine soma hadithi ya urefu huohuo, kisha mruhusu asimulie kwa Kiha mbele ya mtu anayekijua. Akitoa tatizo na mwisho wote, hadithi anaielewa. Kazi yako ni msamiati wa Kiswahili. Akiviacha vilevile kwa Kiha, kazi ni hadithi yenyewe: kusimama katikati ya kusoma na kuuliza mhusika anataka nini, na kwa nini.

Kwa sababu hiyo usimpelekee mzazi ile 9 pekee. Watoto wawili wanaweza kupata 9, mmoja akikosa sababu za matendo, mwingine akichanganya mpangilio. Andika ni kipengele gani kilipungua na alama ilipatikana kwa swali au bila swali. Na usihukumu kwa hadithi moja. Mbili au tatu tofauti katika muhula zinatosha, mradi usirudie ileile, maana mara ya tatu mtoto atakuwa ameikariri.