Friji ya wati 100 inaweza kula umeme kuliko ya wati 120

Wiki iliyopita dada mmoja alinitumia skrinshoti za friji mbili alizoziona mtandaoni, zote lita 300 hivi, akaniuliza: kaka, si nichukue tu hii ya wati 100, maana ile nyingine ni wati 120? Ofisini kwetu swali hili tunalipata kila mara, nikaona bora niliandike hapa nisije nikalirudia kwa kila mtu.

Wati zinakwambia friji inavuta umeme kiasi gani ikiwa inafanya kazi, hazikwambii inafanya kazi masaa mangapi. Na friji haifanyi kazi muda wote, utaisikia inanguruma, baridi ikitosha inanyamaza, joto likipanda ndani inaanza tena. Kwa hiyo wewe tafuta kwenye lebo ile namba yenye kWh kwa mwaka, na hizo kWh ndio uniti zilezile unazolipia umeme. Ile ya wati 100 ilikuwa imeandikwa 310 kWh kwa mwaka, ya wati 120 imeandikwa 220. Ukipiga hesabu, ya kwanza inanguruma karibu masaa 8 na nusu kwa siku na ya pili kama masaa 5 tu, labda kwa sababu kuta zake zinashika baridi vizuri au mpira wa mlango unabana sawasawa. Tofauti ni uniti 90 kwa mwaka, zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe halafu zidisha kwa miaka 10, ndio ujue ile "bei rahisi" ni rahisi kweli au la.

Ila nayo hiyo namba inapimwa maabara. Ukiiweka friji jirani na jiko, au chumba kina joto kali, itakula zaidi ya kilichoandikwa. Kuna herufi nyingine watu wanaipita tu, inaitwa daraja la hali ya hewa: N ni ya chumba kisichozidi nyuzi 32, ST mwisho 38, T mwisho 43. Kama kwako joto hupita 32 halafu unanunua ya N, usishangae mota haipumziki na nyama haigandi vizuri. Muuzaji asipoandika daraja wala kWh muombe picha ya lebo, na akikwepa mimi naachana naye.

Kwa tivii ni hivyohivyo, linganisha kWh kwa masaa 1000, na ukubwa kumbuka inchi zinapimwa kona kwa kona, tivii ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Pia angalia miguu yake imeachana kiasi gani, wengi meza inakuwa fupi kuliko miguu.

Turudi kwa dada yangu. Nafasi yake jikoni ilikuwa sentimita 62, friji upana wake 60, akafurahi inaingia. Nikamwambia fungua kitabu cha maelekezo kwenye ukurasa wa muuzaji, tukakuta kinataka sentimita 5 kila upande ili joto litoke, yaani inahitaji 70. Ukiibana humo zile uniti 220 zisahau. Ikabidi ahamishe kabati, maana bila hivyo ile akiba yote ingeliwa na joto.

Waranti ndio pana maneno mengi. Tangazo lilisema "waranti miaka 10" kwa herufi kubwa, chini kabisa ukisoma ni kompresa peke yake, friji nzima mwaka 1. Kwa hiyo feni ikifa au gesi ikivuja mwaka wa 3 unalipa mwenyewe, na hata kompresa yenyewe mara nyingi wanakupa kifaa tu, fundi, gesi na usafiri ni juu yako. Muulize kwa meseji, si kwa simu, ili jibu libaki limeandikwa: fundi anakuja nyumbani au naibeba mimi?

Na "dilivari bure" nayo uliza inaishia wapi, getini au ndani, na ngazi je. Nyumba ya ghorofa ya tatu bila lifti watu wameachiwa mzigo chini. Ikifika usisaini kabla hujafungua boksi mbele ya aliyeleta, piga picha kila upande hasa kona na nyuma kwenye mabomba. Waulize kama ilisafiri imesimama. Kama ililazwa, isimamishe uiache hadi siku nzima ndio uichomeke, maana oili ya kompresa inakuwa imehamia kwenye mabomba na ukiiwasha haraka inaweza kuua kompresa, halafu hapo waranti wanaikataa.