Nywila za Chrome zimefungwa. Swali ni ufunguo anao nani

Wiki hii tena mteja amekuja ofisini kwangu hapa Ngamiani akitaka nimfutie nywila zote zilizomo kwenye Chrome, nimwekee programu maalumu ya kutunza nywila. Ameambiwa Chrome inaziandika wazi, kwamba anayeiba laptopu anazisoma kama gazeti. Nimechoka kulisikia hili. Si kweli, na linawatia hofu watu ambao tayari wako salama.

Kwenye Windows, Chrome huweka nywila katika faili liitwalo `Login Data`. Ukilifungua utasoma anwani za tovuti na majina ya watumiaji, lakini nywila zenyewe zimefichwa kwa usimbaji wa AES-256. Ufunguo wake umo kwenye faili jingine, `Local State`, nao umefungwa na Windows kwa kutumia nywila unayoingilia kwenye kompyuta. Mwizi akichomoa diski akaipachika kwenye mashine yake, anakwama hapo, mradi nywila yako ya Windows si tupu wala si 1234.

Hatari iko kwingine. Ukishaingia kwenye Windows, programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inaweza kuiomba Windows ifungue ule ufunguo, na Windows inakubali. Ndivyo vinavyofanya virusi vya wizi kama RedLine na Lumma, ambavyo mara nyingi huja ndani ya Office au michezo iliyovunjwa leseni. Julai 2024, Chrome toleo la 127 lilianza kuweka kinga, kwa kuanzia na kuki, yaani vitambulisho ambavyo tovuti hukukumbuka navyo: huduma ya Chrome yenye mamlaka ya mfumo huangalia kama anayeomba ni Chrome yenyewe. Haikuchukua muda wezi wakapata njia za kuizunguka.

Programu maalumu za nywila, kama Bitwarden na KeePassXC, hazitegemei ufunguo wa Windows. Hazina ya nywila zako inafungwa kwa nywila kuu iliyo kichwani mwako, na Bitwarden huisaga mara 600,000 kabla haijawa ufunguo, ili anayebahatisha achelewe. Virusi vikiikuta hazina imefungwa, vinaondoka na faili lisilosomeka. Lakini vikikaa hapo mpaka uandike nywila kuu, vinaiona pia. Tena vinaweza kuiba kuki za tovuti ulizokwisha kuingia bila kugusa nywila hata moja. Kwa hiyo anayeendelea kupakua programu zilizovunjwa asinunue hazina akadhani amejikinga.

Yule mteja ni mwalimu. Ana simu moja ya Android yenye kufuli na laptopu asiyoishika mtu mwingine, na zote mbili anatumia Chrome. Nilimwambia abaki nayo. Tuliweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake ya Google, kwa sababu nywila zake zote zinapita humo. Kisha tukaingia `chrome://password-manager/settings` tukawasha sharti la Windows Hello, yaani uso, kidole au PIN, kabla nywila haijajazwa. Kilichobaki ni kuacha kurudia nywila moja kila mahali. Chrome inamtungia mpya. Pia inakataa kujijazia kwenye tovuti bandia ambayo anwani yake imebadilishwa herufi moja. Hapo haina upungufu wowote mbele ya programu maalumu.

Stesheneri ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo ningependa watu wapeleke hofu yao. Wafanyakazi kadhaa wanatumia akaunti moja ya Windows isiyo na nywila. Mteja anaingia Ajira Portal au anajaza maombi ya mkopo wa chuo, Chrome inauliza kama ihifadhi, kijana anabonyeza `Save` ili kisanduku kiondoke. Fungua `chrome://password-manager/passwords` kwenye mashine kama hiyo uone orodha ya watu wasiojuana. Kufuli la Chrome linategemea utambulisho wa Windows, na hapa Windows haimjui nani ni nani. Zima `Offer to save passwords`, futa zilizomo, kila mteja afunguliwe dirisha la `Guest`. Nywila za duka lenyewe, kama za baruapepe na za kodi, ndizo ziwekwe kwenye Bitwarden, kila mfanyakazi na akaunti yake. Anayeacha kazi anaondolewa, na nywila alizokuwa akiziona zinabadilishwa siku hiyo hiyo.

Ninaposita ni kwa mzee anayesahau. Nywila kuu ya Bitwarden ikipotea bila njia ya dharura iliyoandaliwa mapema, kampuni haiwezi kumfungulia hazina. Akaunti ya Google angalau ina njia za kuirudisha. Vitabu vitasema hazina maalumu ni bora, lakini mimi huwaachia wazee wengi Chrome.

Ukiamua kuhama, jihadhari na lile faili la CSV ambalo Chrome hukutolea. Humo ndimo nywila zimeandikwa wazi kweli. Liingize kwenye hazina, hakiki nywila chache, lifute kwa Shift+Delete, kisha angalia `Downloads` kama hukulitoa mara mbili.