Neno la shukrani mwishoni mwa warsha: dhana potofu na ukweli wake

Kwenye warsha nyingi hapa Uganda, neno la shukrani huja mgeni rasmi akishazungumza, kabla ya sala na wimbo wa kufungia. Wakati huo mshiriki aliyetoka Soroti anawaza basi, karatasi za kusaini nauli zinazunguka viti vya nyuma, na mgeni rasmi mwenyewe anasubiriwa kikao kingine. Anayesimama kushukuru ana dakika tatu hivi. Ukisoma kwa mwendo wa kawaida, hayo ni maneno yasiyozidi 300, na wengi huyamaliza wakiwa bado kwenye itifaki. Tatizo si ulimi mrefu. Ni imani chache ambazo tumezirithishana.

Dhana: usipomtaja kila mtu kwa jina, utaudhi watu

Hii ndiyo inayorefusha hotuba kuliko nyingine zote. Mtu huwa haudhiki kwa sababu hakutajwa. Huudhika kwa sababu mwenzake wa daraja lile lile ametajwa, yeye akarukwa. Ukiwataja walimu wakuu wawili walioketi mbele, wa tatu aliyeketi nyuma ataondoka na kinyongo, hasa ikiwa ndiye aliyetoa madarasa. Ungesema "walimu wetu wakuu" bila jina hata moja, wote watatu wangepiga makofi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi yoyote, gawa watu kwa makundi: mgeni rasmi, wawezeshaji, wafadhili, waandaaji, washiriki, wenye ukumbi na jikoni. Kisha amua kwa kila kundi: majina yote, au jina la kundi tu. Usiweke nusu. Wawezeshaji nashauri watajwe kwa majina kila wanapokuwa wachache, kwa sababu kila mmoja alisimama peke yake mbele ya watu. Wakiwa tisa, taja timu na kiongozi wake. Kiongozi ana nafasi yake peke yake, na walio chini yake hawaoni kama wamerukwa.

Ile kinga tunayoiweka mwishoni, "kama nimemsahau yeyote anisamehe", haimsaidii aliyesahauliwa. Inamfanya ajue kwamba ulijua. Kama umeyapanga makundi vizuri, huihitaji.

Dhana: lazima urudie itifaki yote

Mshereheshaji ameshaitaja, na mgeni rasmi pia. Mtaje mgeni rasmi kwa cheo chake, useme itifaki imezingatiwa, uendelee.

Dhana: shukrani nzito ni yenye sifa nyingi

Sikiliza hotuba hizi na utasikia "kwa namna ya kipekee kabisa" ikipewa mwezeshaji, kisha mfadhili, kisha mwenye spika. Sentensi ikimfaa kila mtu, haimwambii yeyote kwamba alionekana. Kinachobaki moyoni mwa mtu ni jina lake pamoja na jambo moja alilolifanya ambalo ukumbi mzima ulilishuhudia.

Jambo hilo huwezi kulibuni usiku wa kuamkia warsha. Ndiyo maana aliyepewa kazi hii anatakiwa kuambiwa asubuhi ya siku ya kwanza, akae na karatasi yenye yale makundi, na ajaze kadiri siku zinavyokwenda. Nani aliwafanya watu wacheke na kuelewa? Swali gani la mshiriki lilibadilisha mjadala?

Tuchukue warsha ya siku mbili ya walimu wa Kiswahili, pale Mbale, kuhusu namna ya kutunga shughuli za ujumuishaji kwa mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020. Neno lake la shukrani lingeweza kuwa hivi, majina nimeyaacha wazi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Umekaa nasi tangu chai ya asubuhi badala ya kuja kufunga tu, na tumeliona hilo. Asante.

Mwalimu ……, jana ulizichukua shughuli tulizozitunga wenyewe ukazirekebisha ubaoni bila kumwaibisha yeyote. Daktari ……, ulitupa jedwali la kusahihishia ambalo Jumatatu tunaingia nalo darasani. Tunawashukuru.

Shirika la …… limelipia vitabu vilivyo mikononi mwetu na chakula cha siku zote mbili. Mwakilishi wao yuko nasi, tunaomba utufikishie shukrani hizi ofisini.

Kamati ya maandalizi, mwenye shule, na akina mama wa jikoni: hatukukosa kitu.

Walimu wenzangu, mliotoka Moroto, Soroti, Tororo na Busia, mmekaa mpaka dakika hii, na kazi za vikundi mmezimaliza zote. Asanteni sana. Safari njema."

Hapo hakuna hata dakika mbili. Tazama pia kwamba washiriki wametajwa kwa walikotoka na kwa kazi waliyoifanya. Mara nyingi wao huachiwa "na ninyi nyote mliohudhuria", ilhali ndio waliolala njiani.

Dhana: mfadhili apewe sehemu kubwa, na hapo ndipo pa kumwomba tena

Mfadhili anataka kusikia jina la shirika likitamkwa kamili angalau mara moja, si kifupisho tu, na fedha yake ilifanya nini. Sentensi mbili zinatosha. Wakiwa wafadhili wawili, muulize mratibu asubuhi nani alilipia nini. Kumpa mmoja chakula kilicholipiwa na mwenzake ni kosa linaloonekana papo hapo kwenye nyuso zao. Kiasi cha fedha usikitaje. Washiriki wataanza kugawanya kwa idadi yao na kulinganisha na nauli waliyopewa.

Maombi yana mahali pake, nayo ni risala, inayosomwa kabla mgeni rasmi hajazungumza ili aweze kuijibu. Ukiomba ndani ya shukrani, yeye ameshamaliza kusema, na shukrani yako inageuka kuwa utangulizi wa ombi.

Dhana: kusoma jina kutoka kwenye orodha ya mahudhurio kunatosha

Kwa nchi yenye lugha nyingi kama yetu, hapana. Anayesoma kwa mazoea ya Kiswahili atalitamka Kyeyune kama lilivyoandikwa, ilhali katika Luganda *ky* hutamkwa karibu na *ch*. Mwacholi anayeitwa Ocen huandikwa kwa *c* peke yake, nayo pia ni *ch*. Majina ya Kilugbara yana toni ambazo maandishi hayazionyeshi. Dawa ni kumwendea mwenye jina wakati wa chai, umwombe alitamke, nawe uandike kwa tahajia itakayokuongoza wewe: "Cheyune", "Ochen". Muulize pia cheo anachotaka kuitwa. Wapo wenye shahada ya udaktari wanaopenda "Mwalimu", na wapo wanaoumia ukiwaita hivyo.

Angalia tena dakika za mwisho nani yuko ukumbini. Mgeni rasmi hutuma mwakilishi bila taarifa, na jina lililo kwenye ratiba huwa la mtu ambaye hakufika. Mshukuru aliyekuja kwa jina lake, kisha umtaje aliyemtuma.

Dhana: ukisahau jina, rudi kipaza sauti uliongeze

Ukirudi, ukumbi mzima unajua alisahauliwa. Mwandikie mshereheshaji kikaratasi, amwite mtu huyo kwa jambo lenye heshima kabla watu hawajatawanyika, kama kuongoza sala au kutangaza utaratibu wa vyeti. Halafu mfuate mwenyewe, mshike mkono, umwambie ulichokusudia kukisema.