Siku 21 huanza kuhesabiwa lini? Dhana potofu kuhusu ilani ya mkutano mkuu wa mwaka

Ilani ya mkutano mkuu wa mwaka huwa kurasa mbili au tatu, na wengi huipitia kwa kutafuta makosa ya tahajia tu. Makosa yenye uzito hayaonekani kwa jicho la namna hiyo, kwa sababu kila sentensi huwa sahihi ikisomwa peke yake. Kosa hujitokeza pale ilani inapowekwa kando ya katiba ya kampuni, kalenda na fomu ya uwakilishi, ambayo mwanahisa huitumia kumtuma mwingine ampigie kura. Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya umma nchini Kenya, isiyoorodheshwa katika soko la hisa, ambayo mwaka wake wa fedha umeishia tarehe 31 Desemba 2025. Rasimu ya ilani yake ina tarehe ya Ijumaa, 5 Juni 2026, na inawaita wanahisa mkutanoni Jumamosi, 27 Juni 2026, saa 4 asubuhi.

Dhana potofu: Kutoka tarehe 5 hadi tarehe 27 ni siku 22, kwa hiyo sharti la kuwapa wanahisa ilani ya siku 21 kabla ya mkutano limetimia.

Ukweli ni kwamba tarehe iliyochapishwa chini ya ilani haihesabu chochote. Kinachohesabiwa ni siku ambayo mwanahisa anachukuliwa kuwa ameipokea, na siku hiyo imo katika kifungu cha katiba kinachohusu utoaji wa ilani, ambacho kwa kawaida kiko kurasa za mwisho, mahali ambapo wasomaji wengi wamekwisha kuchoka. Katiba ya kampuni yetu inasema kwamba barua iliyotumwa kwa posta huhesabiwa kuwa imefika saa 48 baada ya kutumwa, na kwamba siku ya kupokelewa pamoja na siku ya mkutano zote mbili haziingizwi katika hesabu. Hizi ndizo siku kamili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi ukishika kalenda mkononi. Bahasha zikipelekwa posta Ijumaa tarehe 5, zinahesabiwa kufika Jumapili tarehe 7. Siku ya kwanza ya kuhesabu ni Jumatatu tarehe 8, na ya mwisho ni Ijumaa tarehe 26. Hapo zinapatikana siku 19, ambazo ni pungufu kwa siku mbili. Ili mkutano wa tarehe 27 usimame, bahasha zilipaswa kuwa posta kufikia Jumatano tarehe 3 Juni. Mimi huhesabu kwa kidole juu ya kalenda ya ukutani wala sitoi tarehe moja kutoka nyingine, kwa sababu kutoa ndiko kunakozaa kosa la siku moja.

Jibu la haraka la ofisi nyingi ni kuusogeza mkutano wiki moja mbele, hadi Jumamosi tarehe 4 Julai. Hapo ndipo kosa la pili humeza la kwanza. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inaitaka kampuni ya umma ifanye mkutano wake mkuu wa mwaka ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata mwisho wa mwaka wa hesabu, yaani kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Bahasha zikitoka tarehe 5, siku 21 kamili huishia Jumapili tarehe 28. Kwa hiyo zinabaki siku mbili tu zinazokubalika, Jumatatu tarehe 29 na Jumanne tarehe 30. Hakuna atakayezipenda, lakini ndizo zilizopo.

Mkutano ukihamia Jumanne tarehe 30, kila tarehe iliyofungamana nao lazima ihame. Ikiwa katiba inataka fomu za uwakilishi zifike saa 48 kabla ya mkutano, mwisho wake sasa ni Jumapili tarehe 28, saa 4 asubuhi, wakati ofisi imefungwa. Kuurudisha mwisho huo hadi Ijumaa ni kumpunguzia mwanahisa muda aliopewa na katiba, isipokuwa katiba yenyewe inaruhusu siku zisizo za kazi zisihesabiwe. Njia salama ni kuweka anwani ya barua pepe au mlinzi wa kuzipokea siku hiyo.

Na kama ilani inatolewa kwa Kiingereza na Kiswahili, soma saa kwa sauti. Mkutano wa "10.00 a.m." ukigeuzwa kuwa "saa 10 asubuhi", mwanahisa wa Kiswahili ameitwa saa ya kwenda kusali alfajiri.

Dhana potofu: Ilani inaweza kueleza akidi kwa maneno yoyote, mradi idadi iwe ile ile.

Idadi ni nusu tu ya habari. Ilani ya kampuni yetu inasema akidi ni "wanahisa watatu waliohudhuria au kuwakilishwa", ilhali katiba inasema "wanahisa watatu waliohudhuria wenyewe". Tofauti ni ya maneno machache, lakini matokeo yake ni makubwa. Tuseme ukumbini wamefika wanahisa wawili, na mmoja wao ameshika fomu 40 za wenzake. Kwa maneno ya ilani, akidi imetimia mara nyingi. Kwa maneno ya katiba, mkutano hauwezi kuanza, na kinachotawala ni katiba. Ilani haina uwezo wa kuirekebisha.

Linganisha vilevile maneno ya kuahirisha. Katiba nyingi zilizorithi mtindo wa sheria ya zamani ya Kiingereza husema kwamba akidi isipotimia ndani ya nusu saa, mkutano uliotishwa na wakurugenzi huahirishwa hadi siku kama hiyo wiki inayofuata, saa ile ile na mahali pale pale, na kwamba huko nako nusu saa ikipita, waliopo ndio akidi. Mwandishi wa ilani akifupisha na kuandika "nusu saa ikipita, waliopo watakuwa akidi", amefuta wiki nzima.

Dhana potofu: Namba za maazimio ni mapambo, zinaweza kupangwa upya mwishoni.

Katika rasimu ya kwanza, ajenda namba 4 ilikuwa gawio, namba 5 kuchaguliwa tena kwa mkurugenzi anayestaafu kwa zamu, na namba 6 uteuzi wa wakaguzi wa hesabu. Bodi ikaamua kutopendekeza gawio, ajenda namba 4 ikafutwa, na kompyuta ikazipanga upya namba zilizofuata bila kuuliza. Fomu ya uwakilishi ilikuwa faili jingine, ikabaki na namba za zamani. Mwanahisa aliyeweka alama ya kukataa mbele ya namba 5, akimlenga mkurugenzi, sasa kura yake inaweza kusomwa kuwa imewakataa wakaguzi. Kwa hiyo namba hukaguliwa mwisho kabisa, ilani ikiwa mkono wa kushoto na fomu mkono wa kulia, na kila azimio lisomwe kwa jina lake pamoja na namba yake. Kama wakurugenzi wawili wanastaafu, kila mmoja apewe azimio lake, vinginevyo mwanahisa hana njia ya kumkubali mmoja na kumkataa mwingine.

Dhana potofu: Jambo lililosahaulika litaingizwa kwenye "Mengineyo".

Mengineyo yanafaa kwa maswali na matangazo. Kubadilisha katiba, kwa mfano, kunahitaji azimio maalumu, linalopita kwa angalau asilimia 75 ya kura, na ilani yenyewe lazima iwe na maneno kamili ya azimio hilo na itamke kwamba litapendekezwa kama azimio maalumu. Kuandika "kurekebisha katiba" peke yake hakutoshi, na kichwa cha "Shughuli Maalumu" juu ya ajenda si badala ya maneno hayo. Likikumbukwa baada ya bahasha kutoka, ilani mpya huhitajika, na siku 21 huanza upya.