Kapsheni ya tangazo la tuisheni: dhana potofu nne kuhusu ada, madarasa na tarehe

Dhana: Kila kitu kipo kwenye picha, kapsheni ni ya kupamba tu.

Picha ya kipeperushi ikishapita kwenye magrupu matano ya WhatsApp, maandishi madogo hayasomeki tena, na namba ya simu iliyo ndani ya picha si rahisi kunakili. Mzazi anahitaji namba anayoweza kuibonyeza. Tena kapsheni ndefu hukatwa, na sehemu iliyobaki haionekani mpaka mtu aifungue. Kwa hiyo mstari wa kwanza usiwe "Habari njema kwa wazazi wote!" Uwe darasa, tarehe ya kuanza na ada. Salamu inaweza kusubiri.

Dhana: Usitaje ada. Mzazi akipiga simu ndipo utamshawishi.

Anayepiga ni mmoja. Wengine hudhani ni ghali wakaendelea na shughuli zao. Ila kuitaja ada nusunusu ni kubaya kuliko kuificha, na neno linaloharibu zaidi ni "kwa mwezi".

Chukua mfano wa Darasa la Saba, muhula wa pili mwaka 2026. Kituo kinafungua Jumatatu 13 Julai na kufunga Ijumaa 4 Septemba, vipindi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukihesabu kwenye kalenda, Julai ina vipindi 9, Agosti 13, Septemba 2. Jumla 24. Tuseme tangazo linasema "36,000 kwa mwezi". Mwalimu anamaanisha vipindi 12, kwa hiyo masomo yote ni shilingi 72,000. Mhasibu anasoma kalenda: Julai, Agosti, Septemba, miezi mitatu, 108,000. Mzazi aliyelipa mara mbili anadaiwa tena Septemba kwa ajili ya siku mbili, na ugomvi unaanzia hapo. Hakuna aliyedanganya, neno tu halikufafanuliwa.

Andika hivi: "Sh 72,000 kwa vipindi 24, yaani 3,000 kwa kipindi." Hapo hata anayejiunga wiki ya tatu, vipindi 6 vikiwa vimepita, anajua atalipa 54,000 kwa vipindi 18 vilivyobaki. Kama kuna fedha ya fomu au kopi za mitihani ya majaribio, itaje mstari uleule. Ikijitokeza mlangoni, mzazi ataona ameongezewa ada.

Dhana: Tarehe moja ya kufunga inatosha madarasa yote.

Haitoshi, kwa sababu mitihani ya taifa haiji pamoja. Darasa la Saba hufanya Septemba. Kidato cha Nne huingia kwenye mtihani wao Novemba. Ukiandika "muhula: Julai hadi Novemba" kwa wote, mzazi wa Darasa la Saba ataona umemwandalia mtoto masomo ya baada ya mtihani. Kila darasa la mtihani lipewe tarehe yake, na siku ya mwisho iwe kabla ya mtihani.

Taja pia sikukuu. Maulidi ya mwaka 2026 inatarajiwa mwishoni mwa Agosti na hutegemea kuandama kwa mwezi. Ikiangukia siku ya kipindi, sema mapema kwamba kitafidiwa Jumamosi. Bila maneno hayo, vipindi 24 vinakuwa 23 na hesabu yako ya 72,000 inayumba.

Dhana: "Darasa la 1 hadi Kidato cha 6, masomo yote" huvutia wengi.

Huwachanganya. Mzazi anatafuta mtoto wake, hatafuti orodha. Na swali lake la kwanza kwa shule ya msingi ni lugha: mtoto wa mchepuo wa Kiingereza hafaidiki na somo la hisabati linalofundishwa kwa Kiswahili, wala yule wa Kiswahili hafaidiki na la Kiingereza. Taja darasa, lugha na masomo, hata kama ni mawili tu.

Kapsheni yenyewe, basi, ikae hivi:

"DARASA LA SABA (Kiswahili): Hisabati na Sayansi. Kuanza Jumatatu 13 Julai, kumaliza Ijumaa 4 Septemba 2026. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa 10:00 hadi 11:30 jioni. Ada Sh 72,000 kwa vipindi 24, kopi zimo. Awamu mbili: 36,000 siku ya kuandikishwa, 36,000 ifikapo 10 Agosti. Kipindi kikiangukia sikukuu kitafidiwa Jumamosi. Lipa namba: … Jina litakalotokea: … Simu: …"

Hilo "jina litakalotokea" lisiachwe. Kama lipa namba imesajiliwa kwa jina la mwenye kituo na tangazo lina jina la kituo, mzazi makini atasita kuthibitisha malipo, na ana haki ya kusita.