Hofu ya Kupaliwa au Kutapika Inapombakisha Mtu na Uji Peke Yake

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9 aliyesakamwa na kipande cha nyama wakati wa chakula cha mchana. Kipande kilitoka alipopigwa mgongoni, naye akapumua vizuri. Kesho yake alikataa nyama, wiki iliyofuata akakataa chapati na wali, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa akiishi kwa uji, maziwa na supu iliyochujwa. Mtoto huyu hadeki, wala hataki kupunguza mwili, anaogopa kufa. Kwa mwingine hofu huanza baada ya kutapika sana, naye hupunguza chakula, hukataa kiporo na hunusa kila anachopewa.

Hofu yenyewe hukausha mdomo, hubana koo na huchafua tumbo, na mgonjwa huzichukua dalili hizo kuwa ushahidi kwamba chakula hakitapita. Ndipo anapotafuna tonge hadi liwe maji, au kushushia kila tonge kwa maji. Kila anapokwepa chakula hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoilea hofu.

Kabla ya kusema ni hofu, daktari achunguze koo na umio. Chakula kukwama mahali palepale kila mara, maumivu wakati wa kumeza, kukohoa anapokunywa maji, sauti kubadilika au kutapika damu ni mambo yanayoelekeza kwenye ugonjwa wa mwili. Mwenye hofu, kwa kawaida, hunywa bila shida, na pengine hula vizuri zaidi akiwa amezama katika mazungumzo.

Tiba kuu ni ya kisaikolojia, nayo huenda kwa ngazi. Mtoto wetu angeanza na uji mzito, kisha ndizi mbivu iliyopondwa, wali laini, mkate, chapati, na mwisho nyama iliyokatwa vipande vidogo. Kila ngazi hurudiwa hadi hofu ipungue, huku maji ya kushushia yakiondolewa kidogo kidogo. Kumlazimisha huongeza hofu. Kumhakikishia kila dakika kwamba hatapaliwa nako humfanya asiweze kula bila kuhakikishiwa.

Msisubiri uzito upungue sana. Ikiwa vyakula vinazidi kupungua wiki hadi wiki, mtoto haongezeki uzito wala kimo, au mtu anakwepa kula shuleni, kazini na kwenye shughuli, ombeni rufaa kwa mtaalamu wa saikolojia tiba au daktari wa afya ya akili, pamoja na mtaalamu wa lishe. Anayezimia, anayekojoa kidogo sana au asiyeweza hata kunywa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asishindiliwe chakula kingi nyumbani, kwa sababu madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, yanaweza kushuka ghafla na kuvuruga moyo. Aanze kulishwa chini ya uangalizi wa hospitali.