Barua ya daktari kwa kampuni ya bima ya ulemavu: yanayosemwa na ukweli wake

Tumchukue dereva wa magari ya utalii wa Arusha mwenye miaka 43. Mfano huu tumeutunga, ila makosa yanayojitokeza ndani yake hutokea kila siku. Maumivu ya kiuno yanamshuka mguu wa kulia, na tangu Machi 2024 hajagusa usukani. Mwajiri wake amewakatia madereva bima ya kundi yenye kipengele cha ulemavu. Mwezi Septemba kampuni ya bima inamwandikia daktari wake wa mifupa aliyeko Moshi, ikiomba taarifa ya kitabibu. Mgonjwa anafika kliniki na ombi moja: "Daktari, naomba uniandikie barua nzito ili wanilipe."

Dhana potofu: daktari akiandika "anastahili kulipwa", madai yanapita haraka.

Kinachoamua malipo ni mkataba wa bima. Ndani yake ndimo linamoelezwa neno "ulemavu", na maelezo hayo hutofautiana. Mkataba mmoja unauliza kama mtu anaweza kufanya kazi yake ileile aliyokuwa akiifanya. Mwingine unauliza kama anaweza kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wake. Dereva huyuhuyu, mwenye mguu uleule, anaweza kulipwa chini ya mkataba wa kwanza na kukosa chini ya wa pili. Daktari hajausoma mkataba huo, na hata angeusoma, kuutafsiri si kazi yake.

Kwa hiyo sentensi kama "mgonjwa ana ulemavu kamili wa kudumu na anastahili fidia" inamuumiza mgonjwa pasipo daktari kujua. Ofisa wa madai akiisoma anaona daktari ameshika upande, na kuanzia hapo hata vipimo vilivyo sahihi ndani ya barua anavitilia shaka. Mara nyingi hatua inayofuata ni kumpeleka mgonjwa kwa daktari mwingine aliyeteuliwa na kampuni, na madai yanasimama hadi ripoti hiyo ifike.

Upande wa pili nao una kosa lake. Daktari anayeandika "huu ni uchakavu wa kawaida wa umri, bima haihusiki" amevuka mpaka uleule. Sentensi 1 mwishoni inatosha: "Barua hii inatoa taarifa za kitabibu tu, haitoi maoni kuhusu haki ya mgonjwa ya kulipwa chini ya mkataba wake wa bima."

Dhana potofu: "hawezi kufanya kazi" ni taarifa ya kitabibu tosha.

Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo. "Hawezi kufanya kazi" ni hitimisho. Linafaa kwenye karatasi ya ED, ile ya kumpumzisha mgonjwa kazini, ya siku 5, halitoshi kwenye madai ya miezi 6. Anayesoma anataka kujua mwili unafanya nini na unashindwa wapi, na daktari amejuaje.

Kujua huko kuna njia 3, na barua nzuri haizichanganyi: alichosema mgonjwa, alichokiona au kukipima daktari mwenyewe, na maoni yake ya kitaalamu baada ya hayo mawili. Kila sentensi ionyeshe imetoka wapi. Sehemu ya barua ya dereva wetu ingeweza kusomeka hivi:

"Nilimwona mara ya kwanza tarehe 12 Machi 2024. Alinieleza kwamba maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kulia yalianza takriban wiki 3 kabla, na kwamba siku yake ya mwisho kazini ilikuwa 8 Machi 2024. Nilipomlaza chali na kuinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, maumivu yalianza kwenye nyuzi 35. Nguvu ya kuinua kidole gumba cha mguu wa kulia ilikuwa ngazi 3 kati ya 5. Hisia zilipungua sehemu ya juu ya wayo wa kulia. MRI ya tarehe 20 Machi 2024 inaonyesha diski kati ya pingili L4 na L5 imechomoza upande wa kulia na kubana neva ya L5. Matokeo hayo yanalingana na dalili zake."

Ngazi ya nguvu ya misuli huhesabiwa kutoka 0 hadi 5. Ngazi 3 maana yake kidole kinainuka chenyewe, lakini ukikikandamiza kinashuka. Kwa dereva jambo hilo lina uzito, kwa kuwa mguu wa kulia ndio unaotoka kwenye mafuta na kuhamia kwenye breki. Daktari anaruhusiwa kabisa kulisema, mradi aliseme kama utendaji wa mwili: "Kwa maoni yangu, udhaifu huu unaathiri kuinua na kuhamisha mguu wa kulia kati ya pedali." Akiongeza "hivyo si dereva tena kwa mujibu wa bima", amerudi kulekule.

Baada ya hapo vinafuata vipimo vya shughuli za kawaida: anakaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama, anatembea umbali gani, ananyanyua kilo ngapi kutoka usawa wa kiuno. Kama mtaalamu wa fiziotherapia amempima, andika tarehe na namba alizopata. Kama ni maneno ya mgonjwa, andika "kwa maelezo yake". "Anakaa dakika 25 kwa maelezo yake" ni sentensi ya kweli hata kama siku moja ataonekana amekaa dakika 40 kwenye daladala. "Hawezi kukaa zaidi ya dakika 25", ikiandikwa kama jambo lililopimwa wakati halikupimwa, inavunjika siku hiyohiyo.

Tazama pia tarehe ya siku ya mwisho kazini. Mikataba mingi ina kipindi cha kusubiri kabla malipo hayajaanza, na hesabu yake hutegemea siku mtu alipoacha kazi. Daktari akiandika tarehe kwa kukisia, ikapishana na daftari la mahudhurio la mwajiri kwa wiki 2, faili linawekwa kando mpaka maelezo yapatikane. Ndiyo maana barua yetu inasema "alinieleza".

Dhana potofu: ukitaja nafuu, au ugonjwa wa zamani, umemharibia mgonjwa.

Kwenye faili la dereva kuna kadi ya mwaka 2019: aliumwa kiuno baada ya kupakia mizigo ya wageni, akatibiwa, akarudi kazini baada ya siku 5. Mgonjwa anaomba jambo hilo lisitajwe, na hofu yake inaeleweka, maana mikataba mingi ina kipengele kuhusu maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima. Lakini kama fomu inauliza historia ya mgongo, daktari hana ruhusa ya kuificha. Siku ikijulikana kupitia kadi ya zahanati, barua nzima inapoteza imani, pamoja na kile kidole gumba ambacho kilipimwa kwa uaminifu.

Namna ya kuandika ndiyo inayotofautisha. "Ana tatizo la mgongo la muda mrefu" ni sentensi mbaya, na si ya kweli. Iliyo sahihi ni: "Kumbukumbu zinaonyesha maumivu ya kiuno mwaka 2019 yasiyoshuka mguuni, yaliyoisha kwa matibabu ya siku 5. Hakuna kumbukumbu nyingine ya mgongo katika faili letu hadi Machi 2024." Kama hilo linahesabika kuwa maradhi ya kabla ya bima, kampuni itaamua kwa kusoma mkataba wake.

Majibu ya MRI yana mtego wake. Ripoti nyingi za watu waliopita miaka 40 hutaja uchakavu wa diski, na uchakavu huo huonekana kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Daktari akidondoa neno "uchakavu" peke yake, anampa msomaji picha ya ugonjwa wa miaka mingi. Anukuu hitimisho la ripoti lote, kisha aseme ni kipi kati ya hivyo kinacholingana na dalili. Kwa dereva wetu ni diski iliyochomoza na kubana neva.

Nafuu nayo iandikwe. Tarehe 2 Septemba 2024 mguu uliinuka hadi nyuzi 60, na kidole kikafika ngazi 4. Barua yenye vipimo vya Machi tu, iliyotiwa sahihi Septemba, ina hitilafu. Na neno "kudumu" lisitumike mapema. Sema unachotarajia na lini utapima tena: "Nguvu imeongezeka lakini haijarudi kamili. Nitampima tena baada ya miezi 3."

Dhana potofu: kampuni ya bima ikiomba, hospitali inapeleka faili lote.

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na daktari ana wajibu wake wa kutunza siri. Kabla ya kuandika neno lolote, daktari aone ridhaa ya maandishi yenye sahihi ya mgonjwa, inayotaja nani anapewa taarifa na kuhusu nini. Ridhaa ikihusu mgongo, jibu lihusu mgongo. Majibu ya vipimo vingine na maradhi yasiyogusa madai hayo yabaki kwenye faili. Maswali ya fomu yajibiwe kwa namba zake, na swali lisilo la kitabibu liandikiwe "hili linahusu mkataba, siwezi kulijibu".

Barua iwe na jina kamili la daktari, sifa zake, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, sahihi, tarehe na mhuri, na kurasa zihesabiwe. Kwa kuwa nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ni haki mgonjwa asomewe kwa Kiswahili kabla haijatumwa. Akikuta tarehe yake imekosewa, irekebishwe. Akikuta asichokipenda lakini ni kweli, kibaki. Nakala moja iingie kwenye faili, nyingine apewe yeye.

Dhana potofu: madai yakikataliwa, daktari aandike barua kali zaidi.

Asome kwanza sababu ya kukataliwa. Ikiwa kampuni inasema hakuna ushahidi wa udhaifu wa mguu, hilo ni swali la kitabibu, na anaweza kupeleka vipimo vipya vyenye tarehe. Ikiwa inasema maradhi hayamo kwenye kinga, hana la kuongeza. Hapo mgonjwa analalamika kwa kampuni kwa maandishi, na akishindwa kuelewana nayo, anapeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, akiambatanisha mkataba, barua ya kukataliwa na nakala ya barua ya daktari.

Na kama maumivu yalianzia kazini, kwa mfano alipokuwa akishusha mizigo ya wageni, mwajiri anapaswa pia kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hayo ni madai tofauti yenye fomu zake. Daktari atajaza fomu hizo kivyake, kwa tarehe na vipimo vilevile.